Ubuyu, chai na yale macho mawili

Saa tatu usiku, katika kundi la WhatsApp la watu waliosoma shule moja, mmoja wao anaandika: "Jamani, nimesikia jambo kuhusu ile harusi ya Jumamosi." Anakomea hapo. Hajataja jina wala hajasema ni jambo gani. Haipiti dakika, majibu yanaanza kumiminika, na hakuna hata moja lenye neno. Linaingia 👀. Linafuata 👀👀. Kisha anaibuka mtu ambaye tangu kundi lianzishwe hajawahi kutoa hata salamu, naye anaweka 👀☕ akanyamaza.

Mleta habari ameshapata alichokuwa akikitafuta. Anajua kwamba watu wapo, wanataka kusikia, na hakuna atakayemwambia aache. Wale waliotuma macho nao wamepata chao: wamejiandikisha mstari wa mbele bila kuuliza swali. Kesho mambo yakiharibika na bibi harusi akataka kujua nani alichochea, nani atasema ameuliza? Kila mmoja aliweka kijipicha tu.

Alama hizi mbili, kikombe na macho, siku hizi huandamana kiasi kwamba watu wengi huzichukua kama kitu kimoja. Asili zake lakini ni mbalimbali, na kazi zake pia. Kikombe kinamhusu mwenye habari. Macho ni ya hadhira.

Tuanze na chai. Katika misimu ya Kiingereza cha Marekani, chai ni habari za ndani, na kuimwaga ni kuzitoa hadharani. Wapo wanaodhani usemi huu umetoka kwa mabibi wa Kiingereza waliokuwa wakisengenya mbele ya birika na vikombe vya kaure, na ni kweli kwamba Waingereza waliunganisha chai na umbea tangu zamani. Francis Grose, aliyekusanya misimu ya mitaani mwishoni mwa karne ya 18, aliorodhesha jina la chai ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama "mchuzi wa kashfa". Chai inayomwagwa mitandaoni leo, hata hivyo, haikupitia kwa mabibi hao. Ilitoka kwa Wamarekani weusi, hasa mashoga na watumbuizaji wa vilabuni wanaopanda jukwaani kwa mavazi ya kike.

Shahidi anayetajwa mara nyingi ni The Lady Chablis, mtumbuizaji wa mji wa Savannah, jimbo la Georgia, aliyefariki mwaka 2016. Mwandishi John Berendt alimweka katika kitabu chake "Midnight in the Garden of Good and Evil" kilichotoka mwaka 1994, na filamu ya kitabu hicho ilipotengenezwa mwaka 1997 chini ya Clint Eastwood, Chablis aliigiza nafasi yake mwenyewe. Ndani ya kitabu anatumia herufi T, ambayo kwa Kiingereza hutamkwa sawa na neno la chai, na anamweleza mwandishi kwamba maana yake ni mambo yake mwenyewe, yale yanayoendelea maishani mwake. Kwa mwanamke aliyezaliwa akihesabiwa mwanamume, katika mji wa kusini wa miaka ile, kumwambia mtu mambo hayo halikuwa jambo dogo. T yake ilikuwa siri iliyo mali yake, na yeye ndiye aliyechagua wa kumpa.

Wakati huohuo, huko Harlem, New York, neno lilikuwa tayari na upande wake wa pili. Mwanaanthropolojia William Hawkeswood, aliyefanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu miongoni mwa mashoga weusi wa mtaa huo, alinukuu mwaka 1991 watu waliokuwa wakisema chai kwa maana ya habari za wenzao, habari ambazo hata majirani wasio wa jamii yao walikuwa na hamu ya kuzipata. Kwa hiyo tangu mwanzo chai ilikuwa na pande mbili, ukweli wangu na umbea juu yako. Ilipotoka vilabuni na kuingia kwenye televisheni, hasa kupitia kipindi cha mashindano cha "RuPaul's Drag Race" kilichoanza Februari 2009, upande wa pili ndio uliosafiri mbali zaidi.

Aliyeipeleka chai kwa wasiowahi kutazama kipindi hicho ni chura. Mwaka 2014 kampuni ya Lipton ilitoa tangazo la televisheni akiwamo Kermit, yule chura wa kitambaa wa kundi la Muppets. Katika sehemu moja ya tangazo anakunywa chai, macho yametazama pembeni, utadhani hana habari na dunia. Kufikia Juni mwaka huo picha hiyo ilikuwa imezagaa Instagram. Juu yake watu waliandika kijembe cha kumsema mtu, na chini yake maneno ya kujiondoa: lakini hayo hayanihusu. Kwa kuwa chura ana emoji yake, na kikombe pia, picha nzima ikaweza kufupishwa kuwa 🐸☕.

Ndugu zao wa chumba cha habari walichelewa kidogo. Juni 2016, baada ya LeBron James kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu na kuonekana amevaa kofia yenye picha ya Kermit na chai yake, ukurasa wa Twitter wa kipindi cha asubuhi cha Good Morning America ulimwita chura yule "mjusi wa chai". Walichekwa kwa muda mrefu, na haki yao.

Inafaa kuona kwamba Kermit hamwagi chai. Anakunywa. Tofauti hii ni ndogo, lakini wenyewe huizingatia. Anayesema amemwaga ndiye aliyetoa habari. Anayesema anakunywa tu anadai kwamba amesikia, ameelewa, pengine amefurahi, lakini hakusema yeye. Ndiyo maana kikombe kikiwekwa chini ya habari ya mtu mwingine mara nyingi ni kejeli: nimeipata, na nimejua inamhusu nani.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana namna chakula kinavyogeuka kuwa habari. Tanzania umbea unaitwa ubuyu, kwa jina la zile mbegu za mbuyu zilizokaangiziwa sukari, rangi nyekundu na pilipili kidogo, ambazo mtu akianza kuzimung'unya haachi hadi mfuko uishe. Ubuyu nao humwagwa. Na kabla ya simu, waliokuwa wakionywa wasimwage mtama penye kuku wengi walikuwa wakionywa kuhusu jambo hilohilo: siri mbele ya hadhira yenye njaa. Nairobi vijana husema chai kwa maana ya Wamarekani, na huchanganyika na ile chai nyingine ambayo askari wa barabarani huombwa asiipokee. Mtu akiandika kwamba ana chai ya mkubwa fulani, huenda msomaji akalazimika kusoma ujumbe wote ndipo ajue kama ni kashfa ya mapenzi au ya rushwa, na mara nyingine ni zote mbili.

Macho yana historia kavu zaidi. Emoji ya 👀 ilitoka katika seti za vijipicha za kampuni za simu za Japani, ikaingizwa katika kiwango cha kimataifa cha Unicode, toleo la 6.0, Oktoba 2010, na kupewa namba U+1F440. Unicode haikuipa maana ya umbea. Iliiita macho, basi. Kila kampuni huchora macho yake, lakini katika simu nyingi mboni zimeelekea upande mmoja, kwa kawaida kushoto kwa anayetazama skrini. Jicho linalotazama mbele linakutazama wewe. Jicho lililokwenda pembeni linatazama kitu kingine huku kichwa kikijifanya hakijageuka. Mchoro wenyewe, basi, tayari una wizi ndani yake, na watumiaji waliuona kabla ya kamusi yoyote.

Ugumu ni kwamba macho hayohayo husema mambo kadhaa. Yakiwekwa peke yake chini ya ujumbe ambao haujakamilika, kama ule wa harusi, yanasema: endelea, tunasubiri. Yakiwekwa mwishoni mwa habari iliyokamilika, hasa yakiambatana na kiungo au picha, yanasema: hebu tazameni hili. Yakiwekwa chini ya picha ya mtu aliyependeza, hayo si ya umbea hata kidogo, na mwenye picha anajua. Kuna pia macho ya shaka, pale mwanasiasa anapoahidi maji ya bomba na mtu akaweka 👀 bila kuongeza neno.

Kazini hali ni nyingine kabisa. Katika Slack, programu ya mawasiliano inayotumiwa na ofisi nyingi, imekuwa desturi kuweka 👀 kwenye ombi la mwenzako kumaanisha "nimeliona, nalipitia", halafu ✅ likiisha. GitHub, ambako waandika programu huhifadhi kazi zao, iliongeza macho katika orodha yake ya alama za kuitikia, na huko pia hutumika hivyohivyo. Hebu mfikirie mtumishi mpya, mwenye umri wa kuyajua macho ya Instagram tu, anayemwambia mkuu wake kwamba anaomba ruhusa ya kwenda kliniki, akarudishiwa 👀. Mkuu anamaanisha atalishughulikia. Kijana hatalala.

Kinachotenganisha maana hizi ni kama bado kuna kitu hakijasemwa. Macho ya umbea hujibu pengo. Mtu anapotoa nusu ya habari anafungua pengo hilo kwa makusudi, na kila jozi ya macho inaongeza bei ya nusu iliyobaki. Ndiyo sababu idadi ina uzito: 👀 moja inaweza kuwa ya adabu, lakini macho ya watu kumi yaliyopangana ni hadhira iliyokwisha kukaa, na mleta habari aliyekuwa akisitasita huona sasa kunyamaza ni kuwanyima watu haki yao. Watanzania mtandaoni wana namna yao ya kusema hilo kwa maneno: mimi nipo pale nimekaa. Wengine huweka emoji ya bisi, 🍿, iliyoongezwa mwaka 2015, au ile picha inayotembea ya Michael Jackson akitafuna bisi katika filamu ya wimbo wa "Thriller".

Nguvu ya pengo peke yake, bila habari yoyote nyuma yake, ilionekana wazi Juni 2020. Jioni ya tarehe 25, watu kadhaa wanaofanya kazi katika kampuni za teknolojia za Marekani walianza kubadili majina yao Twitter na kuweka 👁️👄👁️, yaani jicho, mdomo, jicho. Haya si yale macho yanayotazama pembeni. Ni uso uliokodoa, ambao vijana wa TikTok walikuwa wakiutumia kwa mtu aliyeona jambo akaishiwa maneno. Mmoja alibadili, rafiki akaiga, na marafiki wa marafiki wakafuata. Kila aliyeulizwa kulikoni alijibu kwa sentensi ileile moja, kwamba ndivyo ilivyo. Ikafunguliwa tovuti ambayo anwani yake ilikuwa ni nyuso hizohizo zikifuatiwa na .fm, na ndani yake hapakuwa na kitu ila mahali pa kuandika barua pepe ili uwekwe kwenye foleni.

Foleni ya nini? Hakuna aliyesema, na watu wakapanga foleni. Kipindi kile kilikuwa cha programu mpya zinazoingiwa kwa mwaliko tu, kama Clubhouse, na wawekezaji wenye fedha nyingi walihofia kuachwa nje ya jambo wasilolijua. Wengine walianza kudokeza kwamba wamealikwa. Wengine walikasirika kwamba hawakualikwa. Siku iliyofuata wahusika walitoa tamko: programu haikuwapo wala haikuwahi kuwapo. Ulikuwa utani wa marafiki uliokua kupita walivyodhani, na walipoona watu wamekusanyika waliamua kuwaelekeza kuchangia fedha kwa asasi tatu, The Loveland Foundation, The Okra Project na The Innocence Project, wakati ule Marekani ikiwa bado imejaa maandamano baada ya kuuawa kwa George Floyd. Katika tamko hilo waliikosoa pia tabia ya sekta yao ya kushangilia kitu kwa sababu tu wengine wamefungiwa nje.

Kisa hiki kinaonesha kitu ambacho katika umbea wa kawaida huwa kimefichwa na umbea wenyewe. Ukiondoa bibi harusi, ukiondoa kashfa, ukabakiza macho tu, bado watu watakuja. Kila anayepita anaona macho ya waliomtangulia, anadhani wameona kitu, naye anaongeza yake.

Pwani ya Afrika Mashariki iliujua ufundi huu wa kusema bila kusema kabla ya umeme kufika. Katika onyesho la taarab, shabiki huinuka kitini na noti mkononi, akacheza polepole hadi mbele, akamtuza mwimbaji wakati ule ule unapoimbwa ubeti wa kumsema mke mwenza au jirani mwenye kiburi. Hafungui kinywa. Pengine njia aliyoichagua imepita karibu na kiti cha mbaya wake, pengine mkono wenye noti umekaa hewani kidogo kuliko inavyohitajika. Mwanaanthropolojia Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga na kuchapisha kitabu chake "Performing the Nation" mwaka 2002, alieleza jinsi kutuza kulivyotumika kuendesha ugomvi wa namna hii mbele ya ukumbi mzima. Mtuzaji akishtakiwa ana jibu tayari: nilifurahia sauti. Na ukumbi, ambao ndio mahakama, unajua kwamba si sauti.

Emoji ya macho ni kutuza kwa siku hizi, isipokuwa jambo moja. Ukumbini, kitendo kilipita na wimbo ukaisha, na waliobaki na ushahidi ni walioona tu. Kwenye simu kinabaki. WhatsApp ilipoleta uwezo wa kuitikia ujumbe kwa emoji, Mei 2022, ilianza na alama sita, na macho hayakuwamo. Julai mwaka huo ikaruhusu emoji yoyote. Tangu hapo mtu hahitaji kutuma ujumbe wa macho unaopita na kufunikwa na mingine. Anayaning'iniza chini ya habari yenyewe, na yeyote katika kundi akigusa alama hiyo anaoneshwa orodha ya majina. Bibi harusi akiletewa picha ya skrini atayakuta pale, jina kwa jina. Lile jibu la "sikuuliza kitu" linapungua uzito likiwa limeandikwa karibu na jina lako na saa ya ujumbe.

Picha za skrini, kwa kweli, ndizo zinazoigeuza chai kuwa kesi. Zamani mmbea alikuwa na neno lake tu, na mtu aliweza kulikana. Leo anatakiwa alete ushahidi, na wafuasi wake humdai kwa macho yaleyale. Hapo ndipo nambari za simu, hati za kusafiria, majibu ya hospitali na mazungumzo ya faragha hutupwa hadharani ili tu kuthibitisha kwamba habari ni ya kweli. Wengi hudhani kuwa kweli ndiyo kinga. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, haziulizi kama hati ni ya kweli. Zinauliza ni ya nani, na nani alikuruhusu kuitoa.

Yaliyowapata watumiaji wa programu moja ya Marekani yanaonesha ni wapi hali hiyo inaweza kufika. Programu hiyo iliitwa Tea, yaani chai, na iliwekwa sokoni mwaka 2023 kwa ajili ya wanawake tu. Mwanamke aliweka picha ya mwanamume anayetaka kutoka naye, na wenzake wakaeleza wanachokijua: kama ana mke, kama ni mkatili, kama ni mtu mwema. Waliiona kama kinga, na kwa wengi ilikuwa hivyo. Kwa wanaume waliotajwa, ilikuwa kijiwe ambacho hawakuruhusiwa kuingia kujitetea. Ili kuzuia wanaume wasipenye, kila aliyejiandikisha alitakiwa apige selfi kuthibitisha kuwa ni mwanamke, na kwa kipindi fulani mwanzoni aliombwa na kitambulisho.

Julai 2025 Tea ilipanda hadi kileleni mwa programu za bure kwenye duka la Apple la Marekani. Wiki hiyohiyo, tarehe 25, kampuni ilikiri kwamba watu wameingia kwenye ghala lake la zamani la kumbukumbu na kuchukua picha zipatazo 72,000. Kati ya hizo, takribani 13,000 zilikuwa selfi na vitambulisho vya kujithibitishia, ambavyo wengi waliamini vilifutwa baada ya kukaguliwa. Zilizobaki zilitoka kwenye machapisho, maoni na ujumbe wa ndani ya programu. Picha hizo zilisambazwa kwenye 4chan, na baadaye zikaonekana ramani zilizodaiwa kuonesha wanawake hao wanakoishi. Siku chache baadaye ilibainika kwamba ujumbe wa faragha zaidi ya milioni 1.1 ulikuwa nao wazi, mwingine ukizungumzia utoaji mimba na ndoa zilizosalitiwa.

Wengi wa wanawake hao hawakuwa wamemwaga chochote. Walijiandikisha ili wasome, na selfi ndiyo iliyokuwa kiingilio. Oktoba 2025 Apple iliiondoa Tea kwenye duka lake, ikitaja udhaifu katika kusimamia yanayochapishwa, faragha ya watumiaji na wingi wa malalamiko, huku wenye simu za Android wakiendelea kuipata.